Ratiba ya Safari Inayosomeka kwa Haraka

Ratiba iliyo kwenye kipeperushi cha kampuni ya utalii husomwa mara mbili. Kwanza mgeni huipitia kwa macho tu, akilinganisha kampuni moja na nyingine. Baadaye huirudia akitafuta jibu la jambo moja: atalala wapi siku ya pili, chakula cha mchana kimo au hakimo, na ni fedha gani atakazotoa mfukoni akishafika. Ratiba iliyobanwa vizuri humpa jibu hilo bila kumlazimisha kusoma ukurasa mzima.

Chukua safari ya siku 3 kutoka Arusha kwenda Tarangire, Kreta ya Ngorongoro na Ziwa Manyara, wageni wakilala Karatu. Siku ya pili mara nyingi huandikwa hivi:

“Baada ya kifungua kinywa kitamu mtaanza safari ya kusisimua kupitia misitu yenye ukungu hadi Ngorongoro, mahali pa kipekee duniani. Mtashuka kreta na kuwaona simba, tembo na faru katika mandhari yasiyosahaulika. Baada ya chakula mtarudi kupumzika, na mtapata fursa ya kutembelea kijiji na kuonja utamaduni wa wenyeji.”

Aya hiyo inavutia, lakini imeacha mengi. Saa ya kuondoka haipo, mahali pa kula hapajulikani, wala haisemi wageni wanarudi wapi. Imeahidi faru, ingawa hakuna mwongozaji awezaye kuhakikisha kwamba ataonekana. Kubwa zaidi ni maneno “mtapata fursa”: mgeni huelewa kwamba kijiji kimelipiwa, na kampuni huenda ilikusudia kwamba atalipa mwenyewe. Ugomvi wa namna hiyo huzuka njiani, na anayeubeba ni dereva.

Dawa yake ni kuipa kila siku umbo moja, vipengele vikifuatana kwa mpangilio uleule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho:

Siku ya 2: Karatu – Kreta ya Ngorongoro – Karatu
Asubuhi: Kuondoka saa 12:00. Kushuka kreta na kutazama wanyama. Simba na tembo ni wenyeji wa humo, na faru weusi huonekana kwa bahati.
Mchana: Lanchi boksi katika eneo la mapumziko la Ngoitokitok, ndani ya kreta.
Alasiri: Kupanda kutoka kreta na kurudi Karatu.
Chakula: asubuhi, mchana, jioni
Malazi: loji, Karatu
Hiari, kwa malipo ya ziada: matembezi ya kijijini

Sifa zimepungua, ila sababu ya kwenda Ngorongoro imebaki. Hapo ndipo pa kuacha kukata, kwani ratiba iliyobaki saa na majina ya vituo pekee haimshawishi mtu kununua safari. Siku yenye mwendo mrefu iongezewe makadirio ya saa za kukaa garini. Kilomita peke yake hazimsaidii mgeni asiyezijua barabara, na masika huzirefusha safari.

Yaliyomo na yasiyomo kwenye bei hukaa mahali pamoja, baada ya siku ya mwisho, kwa orodha mbili zinazotazamana. Kila jambo linaloweza kuleta swali liwe na jibu upande mmojawapo. “Vinywaji” haitoshi: maji ya kunywa garini yamo, soda na bia za lojini hazimo. “Ada zote za hifadhi” nayo ifafanuliwe, kwa kuwa Ngorongoro hutoza ada ya kuingia kwa kila mtu na ada ya kushuka kreta kwa kila gari. Zote mbili zikiwa ndani ya bei, zitajwe zote mbili. Viza, bima ya safari, nauli ya ndege ya kimataifa na bahshishi ya dereva kwa kawaida huwa upande wa yasiyomo, pamoja na kila kilichoandikwa “hiari” katika siku yoyote.

Kabla ya kuchapa, ratiba ikaguliwe kwa hesabu. Safari ya siku 3 ina malazi ya usiku 2. Basi ikianza Arusha asubuhi na kuishia huko jioni, iwe na vyakula vya jioni 2, vya asubuhi 2 na vya mchana 3. Idadi ikipishana na orodha ya yaliyomo, kuna siku iliyosahauliwa au iliyonakiliwa vibaya kutoka safari nyingine. Kisha mtu asiyeijua safari hiyo apewe kipeperushi na aulizwe maswali matatu: siku ya pili unalala wapi, unakula wapi mchana, na matembezi ya kijijini analipa nani? Akilazimika kurudi kusoma aya nzima ili ajibu, mstari unaohusika bado haujakaa mahali pake.