Maneno Yaliyo Chini ya Picha ya Kocha

Pitia Instagram au stetasi za WhatsApp jioni yoyote, utamkuta kocha wa mazoezi amesimama juu ya mkeka, misuli imetuna, na chini ya picha pameandikwa kitu kama hiki: "Darasa jipya la mtandaoni linaanza! Badilisha mwili wako. Nafasi ni chache. Bei njoo inboksi." Aliyezoea mazoezi atajua pa kuanzia. Lakini mtu ambaye kocha anamtafuta hasa, mama wa miaka arobaini na kitu ambaye akipanda ngazi za ghorofa mbili anatweta, atasoma na kupita. Hajaambiwa ni lini wala ni shilingi ngapi, na picha yenyewe imeshamwonyesha kwamba hapo si mahali pake.

Mtu anayeanza huona haya kuuliza. Akiandika inboksi "ni bei gani?" halafu ikawa hawezi kumudu, itabidi ajieleze kwa mtu asiyemjua, kwa hiyo wengi huona bora wanyamaze. Ndiyo maana kapsheni ya darasa la wanaoanza inatakiwa kumpa msomaji kila kitu anachohitaji ili aamue mwenyewe, kimyakimya, simu ikiwa mkononi. Tuchukue mfano wa kocha wa Dar es Salaam anayetaka kuendesha darasa la wiki 4 kwa njia ya Zoom, siku 3 kwa wiki, kuanzia Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026, tuone kapsheni yake itasema nini.

Instagram inaruhusu kapsheni ndefu, hadi herufi 2,200, lakini kwenye ukurasa zinaonekana kama herufi 125 tu za mwanzo. Zilizobaki hujificha mpaka mtu abonyeze. Makocha wengi huzimaliza hizo 125 kwa salamu na maneno ya kutia moyo, na siku, saa na bei zinaangukia kwenye sehemu iliyofichwa. Huyu wetu aanze hivi: "Hujawahi kufanya mazoezi? Anza hapa. Wiki 4 mtandaoni, kuanzia Jumatatu 5 Oktoba, saa 1:00 usiku. TSh 36,000." Hizo hazifiki hata 125, na msomaji ameshajua darasa ni la nani, ni lini na ni kiasi gani.

Saa ndiyo inayoharibu matangazo mengi kuliko watu wanavyodhani. Simu inasoma 19:00, kalenda ya Zoom inasema hivyohivyo, lakini sisi tunasema saa moja usiku. Kocha akiandika "saa 7:00 jioni" kwa kufuata simu yake, mmoja atafika saa saba mchana, mwingine atabaki anajiuliza jioni gani hiyo yenye saa saba. Dawa yake ni kuandika zote mbili pamoja: saa 1:00 usiku (19:00). Muda huo nao haukuchaguliwa ovyo. Saa kumi na mbili na nusu wengi wako kwenye daladala, na Waislamu wako kwenye sala ya magharibi. Saa moja watu wameshafika nyumbani, na aliyesali amemaliza.

Darasa la mtandaoni halina mipaka, kwa hiyo kocha asishangae akipata wanafunzi wa Muscat, Lubumbashi au London. Muscat wako saa moja mbele yetu, darasa kwao ni saa 2:00 usiku. Lubumbashi na Bujumbura wako saa moja nyuma, kwao ni saa 12:00 jioni. London ina jambo lake. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na mwaka 2026 hiyo ni tarehe 25, katikati ya darasa letu. Mwanafunzi wa London aliyekuwa akiingia saa 11:00 jioni kwa wiki tatu, wiki ya nne anatakiwa aingie saa 10:00. Afrika Mashariki hatubadilishi saa, kwa hiyo kocha wala hatalihisi. Atashangaa tu kwamba mtu wake mwaminifu amepotea Jumatatu tarehe 26. Mstari mmoja kwenye kapsheni unatosha kuliepusha hilo: "Saa zote ni za Dar es Salaam."

Kwenye bei, kwanza aandike TSh, asiandike Sh peke yake. Wakenya nao wana shilingi, na mtu wa Nairobi akiona Sh 36,000 akaihesabu kwa pesa ya kwao atadhani kocha amerukwa na akili. Pili, aseme pesa hiyo inanunua nini: madarasa 12, sawa na TSh 3,000 kwa kila darasa. Tatu, aseme itakuwaje mtu akishindwa. Umeme hukatika, bando huisha, mtoto huugua. Kocha akiahidi kwamba kila darasa litarekodiwa na video itabaki siku 7, mtu anayeishi kwenye mitaa ya mgao atathubutu kulipa. Na kwa mtu mwenye wasiwasi zaidi, awepo mlango wa kujaribu: darasa la kwanza TSh 3,000, na akiendelea anaongezea 33,000 iliyobaki.

Kuna woga mwingine ambao makocha waaminifu huusahau kwa sababu wao wenyewe hawana nia mbaya. Watu wametapeliwa sana kwa simu. Mtu akilipa kwa lipa namba, jina la mwenye namba hutokea kabla hajaweka namba ya siri, na likiwa tofauti na jina la kocha anaghairi papo hapo. Kwa hiyo kapsheni itaje jina litakalotokea, hasa kama namba ni ya biashara au imesajiliwa kwa jina la mwenzi wake. Akumbuke pia kwamba kiungo kikiwekwa ndani ya kapsheni ya Instagram hakibonyezeki. Kiungo cha kujiandikisha kikae kwenye wasifu, na kapsheni imwelekeze msomaji huko.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe. "Yanafaa kwa wanaoanza" ni maneno ambayo kila mtu huandika, na hayamwambii msomaji chochote. Kinachomtuliza ni kuona zoezi lenyewe. Kocha aandike kwamba skwati zinafanyika kwa kiti na pushapu zinafanyika ukutani, kisha picha iendane na maneno hayo. Skwati ya kiti ni hivi: unasimama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, unasukuma makalio nyuma na kushuka taratibu mpaka yaguse kiti, halafu unasimama bila kujivuta kwa mikono. Kiti kiegemezwe ukutani, kwa sababu kiti cha plastiki kwenye sakafu ya vigae huteleza mtu anapokaribia kukaa, na hapo ndipo wanaoanza huanguka. Mama yetu wa ghorofa mbili akisoma hivyo, ameshajua kwamba analiweza.

Aseme pia kuhusu kamera. Wanawake wengi hawataki kuonekana na watu wasiowajua wakiwa kwenye nguo za mazoezi, na baadhi wangependa kuvua mtandio wakiwa nyumbani kwao. Wakizima kamera wote, kocha hawezi kuona goti linaloingia ndani wala mgongo uliopinda. Zoom ina mpangilio unaomfanya kila mshiriki amwone mwalimu tu, huku mwalimu akiwaona wote. Kocha autumie, na autaje kwenye tangazo.

Kisha kuna ahadi. "Punguza kilo 10 ndani ya mwezi" huvutia macho, lakini hesabu inaikataa. Mtu wa kilo 70 akifanya mazoezi ya wastani kwa dakika 35 huunguza takriban kalori 200. Madarasa 12 yatakuwa kalori 2,400. Kilo moja ya mafuta mwilini ina karibu kalori 7,700, kwa hiyo mazoezi peke yake, bila kugusa chakula, yanaondoa chini ya theluthi moja ya kilo. Aliyeahidiwa kilo 10 atapanda kwenye mzani wiki ya pili, ataona hakuna kilichobadilika, na hatarudi. Ahadi inayotimilika ni ile ya nguvu: baada ya wiki nne utasimama kutoka kwenye kiti mara kadhaa mfululizo bila kushika kitu. Hilo mtu atalihisi magotini mwake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Madarasa matatu ya dakika 35 ni 105. Akiongeza matembezi ya haraka ya dakika 15 kwa siku tatu nyingine, amezifikisha.

Dakika 35 zina sababu yake. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano ukifika dakika 40, na kocha anayepanga dakika 45 huwaacha watu hewani wakati wa kunyoosha viungo. Siku za kupishana nazo zina sababu. Misuli isiyozoea huanza kuuma siku inayofuata na huendelea kwa siku mbili hadi tatu. Asiyeambiwa mapema hudhani ameumia na huacha. Aambiwe: maumivu ya misuli iliyochoka ni kawaida, lakini maumivu makali ya ghafla kwenye kiungo, au kubanwa kifua, si kawaida. Na wenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari au ujauzito wamwone daktari kwanza. Mstari huo ukae juu ya ule wa malipo, mtu asije akaugundua akiwa ameshatoa pesa.

Yote hayo yakikusanywa, kapsheni inakuwa hivi:

"Hujawahi kufanya mazoezi? Anza hapa. Wiki 4 mtandaoni, kuanzia Jumatatu 5 Oktoba, saa 1:00 usiku. TSh 36,000.

Tunakutana Zoom kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 1:00 hadi 1:35 usiku (19:00–19:35), mpaka Ijumaa 30 Oktoba. Saa zote ni za Dar es Salaam.

Unahitaji kiti imara, ukuta na chupa ya maji. Skwati tunafanya kwa kiti, pushapu kwa ukuta. Ukichoka unapumzika, kisha unaendelea. Mimi nakuona ili nikurekebishe, wenzako hawakuoni.

Misuli itauma siku mbili tatu za mwanzo, hiyo ni kawaida. Una presha, moyo, kisukari au ujauzito? Mwone daktari kwanza, halafu niambie.

Ada ni TSh 36,000 kwa madarasa 12. Unataka kujaribu? Darasa la kwanza ni TSh 3,000, ukiendelea unaongeza 33,000. Umeme ukikatika, video ipo kwa siku 7.

Kujiandikisha na lipa namba: bonyeza kiungo kwenye wasifu wangu. Hakikisha jina linalotokea ni langu kabla ya kulipa. Mwisho Jumamosi 3 Oktoba."

Kocha, kabla hujaiweka hewani, mpe mtu asiyefanya mazoezi aisome mara moja, kisha uichukue simu na umwulize: tunaanza lini na saa ngapi, utalipa kiasi gani, na leo ufanye nini kama unataka kuingia. Akikwama kwenye moja, andika upya sehemu hiyo. Na darasa likishajaa au likishapita, rudi uihariri kapsheni uandike hivyo juu kabisa, kwa sababu posti ya Oktoba bado itasomwa Januari, na kuna mtu atakayelipa.