Hereni ya Ng'ombe Ikisema 'NL' Usikimbilie Kutoa Doo: Hivi Ndivyo Zile Kodi za Nchi Husomwa

Umeenda kununua mtamba wa maziwa. Muuzaji anakushikia sikio la ng'ombe, anakuonyesha plastiki ya njano iliyoandikwa NL na namba ndefu, halafu anakwambia, "Boss, huyu ametoka Uholanzi direkti." Bei inapanda hapo hapo. Wewe nawe unaanza kuhesabu lita za maziwa kichwani.

Tulia kwanza. Hizo herufi mbili zina maana yake, na ukijua kuzisoma hakuna mse atakuuzia hadithi. Ila maana yake si ile watu wengi hudhani.

Tuanze na kwao. Ulaya walianza kuchukulia hereni kwa ukali baada ya soo la kichaa cha ng'ombe. Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikubali bungeni kwamba ule ugonjwa huenda umeingia kwa binadamu, na siku chache baadaye nyama yao ikapigwa marufuku kuuzwa nje. Shida kubwa ilikuwa kwamba ukikuta ng'ombe mgonjwa, huwezi kujua kwa uhakika alizaliwa wapi, alilishwa wapi na wenzake wako wapi saa hii. Ndiyo Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: kila ng'ombe avae hereni mbili, moja kila sikio, zote na namba ile ile, na namba hiyo haitumiki tena kwa ng'ombe mwingine. Ikianguka moja, unaagiza nyingine yenye namba hiyo hiyo. Huwezi ukaamua tu kumpa mpya.

Namba inaanza na herufi mbili za nchi. NL ni Uholanzi, DE Ujerumani, FR Ufaransa, IE Ayalandi, UK Uingereza. Baada ya hapo kila nchi ina mpangilio wake wa tarakimu. Wacha nikuchambulie ya Uingereza juu ina ka-siri katamu ndani.

Tuseme hereni imeandikwa UK 123456 500789. (Hiyo nimeitunga mimi, usiende kutafuta mwenyewe.) Zile 123456 ni namba ya zizi, yaani boma ambalo huyo ndama alivalishwa hereni. Zile tano za mwisho, 00789, ni namba yake ndani ya hilo zizi. Sasa hiyo 5 iko katikati? Hiyo ni ya kuchunga wakora. Inatoka kwa hesabu ya zile tarakimu zingine na kila mara inakuwa kati ya 1 na 7. Ndama anayefuata atakuwa 600790, mwingine 700791, halafu inarudi 1, kwa hivyo 100792. Mtu akiandika namba vibaya kwa fomu, kompyuta inamshika kwa sababu hesabu haitakubali. Na ukikuta hereni ya Uingereza ya aina hiyo mahali hapo pako na 8, 9 ama 0, hiyo imetengenezwa na mtu aliyekuwa anabahatisha.

Sasa sikiza hapa, kwa sababu hapa ndipo watu hupotea. Kodi ya nchi inakuambia ng'ombe alisajiliwa wapi mara ya kwanza. Haisemi alikuwa akiishi wapi jana. Ng'ombe wa Uholanzi akiuzwa Ayalandi habadilishiwi hereni, ataendelea kuitwa NL mpaka siku ya kuchinjwa. Hiyo ni poa kwa sababu historia yake haikatiki.

Lakini ng'ombe akiingia Ulaya kutoka nje ya Umoja wao, mambo hugeuka. Kama hachinjwi mara moja, sheria ile ya mwaka wa 2000 ilitaka avalishwe hereni ya nchi aliyofikia ndani ya siku 20 baada ya kukaguliwa. Ile namba yake ya zamani inaandikwa kwenye rekodi. Kwa hivyo unaweza kuona herufi za Ulaya kwenye sikio la ng'ombe ambaye hakuzaliwa Ulaya hata kidogo. Sikio pekee halitakuambia hivyo. Rekodi ndiyo itakuambia.

Kuna kesi moja inaonyesha hii kitu vizuri kuliko maelezo yangu yote. Ni ya Ayalandi ya Kaskazini, mwanzo wa 2008.

Kutoka 2006 kulikuwa na ugonjwa wa ulimi wa buluu ukitembea kaskazini mwa Ulaya. Unashika ng'ombe na kondoo, binadamu hauwasumbui. Unasambazwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu. Sasa Januari 2008, mitamba wenye mimba wakaletwa Ayalandi ya Kaskazini kutoka Uholanzi, sehemu ambayo ugonjwa ulikuwa umepita. Walipimwa damu. Baadhi yao walionekana wamewahi kuugua na kupona, lakini virusi vyenyewe havikuwa kwenye damu yao tena. Halafu ilikuwa katikati ya baridi ya huko, usubi hata haurukiruki. Kwa macho ya mtu yeyote mambo yalikuwa shwari.

Mitamba wakaanza kuzaa Februari. Ndama kadhaa wakapimwa, na wakapatikana na virusi.

Hebu fikiria hereni za hao ndama zingesema nini. Ndama huvalishwa hereni ya mahali alipozaliwa, na wao walizaliwa Ayalandi ya Kaskazini, ambayo wakati huo ilikuwa inatumia UK. Ungeangalia sikio la ndama peke yake, ungesema huu ni ugonjwa wa hapa hapa, kuna usubi umebeba virusi mitaani, fungeni masoko yote. Hiyo ingekuwa panya tofauti na yule anayekula mahindi.

Kilichookoa ni kwamba ukisajili ndama huko, lazima uandike namba ya mama yake. Namba ya mama ilianza na NL. Ukiifuata kwenye rekodi unafika kwa msafara aliokuja nao, tarehe aliyoingia, na wenzake wote waliokuja kwa lori moja. Jibu likawa wazi: ndama waliambukizwa tumboni, mama akiwa bado Uholanzi. Hiyo ilikuwa habari mpya kubwa kwa madaktari wa mifugo kuhusu aina ile ya virusi, kwamba vinaweza kuvuka bahari ndani ya tumbo la ng'ombe anayeonekana safi. Bila namba ya mama, wangekuwa wanakimbizana na usubi wakati wa baridi.

Kwa hivyo mlolongo wa kufuatilia ng'ombe uko hivi: sikio linakupa namba, namba inakupeleka kwa rekodi ya nchi iliyoitoa, na rekodi inakuonyesha mama, zizi alilozaliwa na kila boma alilopita. Herufi mbili za mwanzo kazi yake ni kukuambia ugonge mlango wa nchi gani kuuliza. Basi.

Kuna wale wenye hereni za kielektroniki pia, zile za duara zenye chipu ndani. Ukipitisha mashine ya kusoma, inatoa tarakimu 15, na tatu za mwanzo ndizo nchi. Hapa herufi hakuna, ni namba tu. Uholanzi ni 528, Ayalandi 372, Uingereza 826, Afrika Kusini 710. Kenya je? Najua umesema 254 kwa roho. Zii. Hiyo ni ya simu. Kwenye orodha ya kimataifa inayotumika kwa chipu, Kenya ni 404. Tanzania ni 834 na Uganda ni 800. Hiyo 254 kwenye orodha hiyo ni Guyana ya Ufaransa, kule Amerika Kusini! Kwa hivyo mtu akikuonyesha chipu inayoanza na 254 akikwambia ni ng'ombe wa Kenya, mmoja wenu amechanganya laini ya simu na mnyama.

Tena ukiona tatu za mwanzo zinaanza na 9, kwa mfano 982 au 985, hiyo si nchi kabisa. Ni namba ya kampuni iliyotengeneza chipu. Hutumika pale ambapo nchi haijaweka mtu wa kugawa namba za kitaifa. Chipu kama hiyo si feki, ila haikuambii ng'ombe ametoka wapi. Na 999 ni ya majaribio, haifai kuwa kwa sikio la mnyama anayeuzwa.

Sasa turudi kwa yule mtamba wako wa "Uholanzi direkti". Jiulize kitu kimoja. Damu nyingi ya Ulaya inayoingia Kenya huja kama mbegu, imegandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni. Ng'ombe aliyetokana na mbegu ya fahali wa Uholanzi lakini akazaliwa Nyandarua ni Mkenya. Hana sababu yoyote ya kuvaa NL. Baba yake anaweza kuwa na cheti cha kupendeza, lakini sikio lake halifai kusema hivyo. Hizi hereni za plastiki zinanunuliwa na kuandikwa kirahisi, na mkora hahitaji mashine kubwa.

Aliyeingia akiwa hai kikweli ana makaratasi. Kuna kibali cha kuingiza mnyama kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo hapa kwetu, na kuna cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa serikali wa nchi alikotoka. Itisha vyote viwili. Shika sikio mwenyewe, pangusa matope, soma namba ya kushoto, soma ya kulia, halafu linganisha na ile iliyo kwa cheti, tarakimu kwa tarakimu. Usikubali kusomewa. Sikio moja likiwa na namba na lingine halina, uliza. Hereni huraruka kwa ua, hiyo ni kawaida. Lakini masikio mawili yakiwa na namba mbili tofauti za nchi, ama kuna tundu bichi linalotoka damu kwa mnyama wa miaka mitatu, muulize muuzaji ile ya kwanza ilienda wapi na imeandikwa kwa karatasi gani.

Akianza kukuambia karatasi ziko kwa bro yake Eldoret, mlipe bei ya ng'ombe wa hapa.