Daftari la maziko na vidonge vya presha

Nilipostaafu ukarani nikiwa na miaka 60, miezi ya mwanzo nilishinda barazani. Kahawa, kashata, siasa, mpaka adhuhuri. Usiku usingizi haukuja, kwani mchana sikuwa nimechoka, na ilifika hadi nikawauliza wajukuu leo ni siku gani.

Ndipo jirani mmoja akaniambia, "Mzee, wewe una mwandiko mzuri. Tushikie daftari la maziko." Tangu hapo kila Alhamisi baada ya alasiri nakaa mtaani napokea michango na kuiandika. Kukitokea msiba usiku, simu ya kwanza huja kwangu: pesa ya sanda, ya gari na ya wachimbaji imo? Kazi ni ndogo, lakini nisipoifanya maiti hucheleweshwa. Usingizi ulirudi, na Alhamisi naijua bila kuuliza.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mstaafu akionekana anapatikana, watu humpakia. Mwaka haukuisha nikawa mweka hazina wa maziko, katibu wa kamati ya maji, na msuluhishi wa ndoa za watu. Siku za kliniki ya presha zikawa zinagongana na mikutano. Nilijiambia mwili wangu uko hai kuliko wa vijana, basi vidonge vya nini? Nesi alinipima siku moja akapata 178 kwa 102. "Baba, umekosa kuja mara tatu," akasema, bila hata kuniangalia.

Mwanangu ndiye aliyenionyesha utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia watu karibu 13,000 wa zaidi ya miaka 50. Waliojitolea angalau masaa 100 kwa mwaka, yaani kama masaa mawili kwa wiki, walikufa wachache kuliko wasiojitolea kabisa katika miaka minne iliyofuata, na viungo vyao havikulemaa upesi. Walisema pia maisha yao yana lengo. Lakini kwa presha, kisukari na kiharusi haikuonekana tofauti. Tena mwenye afya ndiye mwepesi wa kujitolea, na ingawa watafiti walijaribu kulihesabu hilo, haliondoki lote.

Kwa hivyo masaa yangu mawili ya Alhamisi yalikuwa yananitosha tangu mwanzo. Mengine yalikuwa sifa, nakiri.

Kamati ya maji nimemwachia mwalimu mstaafu, ambaye naye alikuwa ameanza kuzunguka nyumbani kama kuku aliyepoteza vifaranga. Ndoa za watu nimeziacha kwa wenyewe. Daftari nimebaki nalo, na ndani ya jalada lake nimebandika kadi ya kliniki, ili nikifungua kuandika michango niione tarehe yangu kwanza. Mara ya mwisho nilipimwa 138 kwa 86, na vidonge nameza.