Batili Moja Inatosha

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8. Katika tamko lake la Kiingereza, matokeo hayo yaliitwa kwa maneno matatu yaliyofuatana: si halali, si kitu, na matupu. Hakuna Mkenya aliyebaki akijiuliza kama matokeo yalisimama au yalianguka. Lakini mtu akichukua kalamu na kufuta mawili kati ya maneno hayo matatu, hukumu inabaki ileile. Uchaguzi ungerudiwa vilevile, ndani ya siku 60 zilezile zinazotajwa na Katiba.

Maneno mawili ya mwisho ni pacha wa zamani katika Kiingereza cha sheria. Aghalabu husemwa kwamba mapacha wa namna hii walizaliwa baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, mawakili walipolazimika kutaja kila kitu kwa neno la Kifaransa na la Kiingereza ili pande zote mbili zielewe. Kwa baadhi yao ni kweli. Kwa hawa si kweli, maana maneno yote mawili yaliingia Kiingereza kupitia Kifaransa. Hakukuwa na msikilizaji aliyehitaji kutafsiriwa. Walioyafunga pamoja ni mdundo na mazoea, na kila wakili aliyefuata alinakili alichokikuta kwenye faili la aliyemtangulia.

Sasa mazoea hayo yanagonga hodi kwenye Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na watafsiri wakakabiliwa na rundo la maandishi yenye mapacha wa kila aina. Wengine wanaona salama kumpa kila neno la Kiingereza mwenzake wa Kiswahili, ndipo tunapokutana na mkataba ulio “batili, uliotanguka na usio na nguvu yoyote”. Hawakuhitaji kwenda mbali kupata mfano mzuri. Ibara ya 64(5) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inayosema nini kitaipata sheria inayokiuka Katiba, inatumia neno moja tu: batili. Ikiwa neno hilo peke yake linaweza kuiangusha sheria iliyopitishwa na Bunge, linatosha kuuangusha mkataba wa kuuziana kiwanja.

Shida ya kurundika maneno si urefu tu. Rundo humpa mwandishi hisia kwamba amemaliza kazi, kumbe swali lenyewe hajaligusa.

Tuchukue kifungu kinachofanana na vile vinavyoandikwa kila siku kwenye meza za wapiga chapa. Mnunuzi ametoa malipo ya awali ya shilingi milioni 6 kati ya milioni 10 za kiwanja. Mkataba unasema: “Endapo mnunuzi hatalipa salio ndani ya siku 90, mkataba huu utakuwa batili, umetanguka na hauna nguvu yoyote.” Siku ya 91 bei ya viwanja mtaani imeshuka. Mnunuzi, ambaye ndiye hakulipa, anakuja na karatasi mkononi: mkataba ni batili, nirudishieni fedha zangu. Je, kosa lake mwenyewe limempa mlango wa kutokea?

Mahakama za Uingereza zilikwishapita njia hii. Katika shauri la kampuni ya meli ya New Zealand lililoamuliwa na Mabwana wa Sheria na kuchapishwa mwaka 1919, ilielezwa kwamba hata mkataba ukisema wazi kuwa utakuwa batili jambo fulani likitokea, aliyesababisha jambo hilo kwa kosa lake hawezi kulitumia kujinasua. Kwa upande wake, neno “batili” husomwa kama “unaoweza kubatilishwa na mwenzako”. Kuliongezea maneno mengine mawili hakulipi uzito wa kushinda kanuni hiyo.

Hapo ndipo tofauti yenye maana ilipo, kati ya kilicho batili na kinachobatilishika. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, makubaliano ya mtoto aliye chini ya umri wa kisheria ni batili: sheria haimtambui kama mtu awezaye kujifunga. Mkataba wa mtu aliyetishwa ni jambo jingine. Huo unasimama hadi aliyetishwa aamue kuukataa, na yeye pekee ndiye mwenye uchaguzi huo.

Kwa hiyo kifungu cha kiwanja kinataka kuandikwa upya, na kwa maneno ya kawaida: “Mnunuzi asipolipa salio ndani ya siku 90, muuzaji anaweza kuuvunja mkataba kwa kumpa notisi ya maandishi ya siku 14. Mkataba ukivunjwa, muuzaji atamrudishia mnunuzi malipo ya awali ndani ya siku 30, baada ya kukata shilingi laki tano.” Neno “batili” lenyewe limetoweka. Yamekuja majibu ya nani, lini, na fedha zinakwenda wapi.

Lakini si kila pacha ni mzigo. Karibu kila hati ya mauziano ya ardhi nchini Tanzania ina maneno haya: muuzaji ana akili timamu, na anauza “bila kushawishiwa wala kulazimishwa na mtu yeyote”. Mhariri mwenye haraka anaweza kufuta “kushawishiwa” akidhani ni kivuli cha “kulazimishwa”. Angekosea. Sheria ya Mikataba inatenganisha vitu hivyo viwili. Kulazimishwa ni kutishwa kwa tendo la jinai au kuzuiliwa mali yako isivyo halali. Kushawishiwa isivyofaa hakuhitaji fimbo wala kelele: ni mjomba anayemtunza bibi mgonjwa, anayempelekea chakula na dawa kila siku, kisha siku moja akamletea karatasi aweke dole gumba. Dili likionekana la kinyonyaji, mwenye nguvu katika uhusiano huo ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakumtumia vibaya mwenzake. Haya ni mashtaka mawili yenye ushahidi tofauti, na kila neno linafunga mlango wake.

Pacha mwingine wa kuachwa aishi yumo kwenye mikataba ya mikopo ya vikundi: wakopaji watawajibika “kwa pamoja na kila mmoja peke yake”. Wanakikundi watatu wakikopa milioni 9 kwa masharti hayo, mkopeshaji anaweza kumfuata mmoja tu na kumdai zote. Sheria ya Tanzania inampa haki hiyo hata kwa ahadi ya pamoja, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine, lakini mkopaji anayesaini anastahili kuisoma kwa macho yake kabla ya kutia wino. Akilipa zote, anaweza kuwadai wenzake milioni tatu tatu.

Siku hizi maneno hayo huonekana yakiandikwa “kwa pamoja na kwa umoja wao”. Kwa sikio yanapendeza, tena yana uzani ule ule wa mawili mawili. Ila pamoja na umoja ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili, na “kila mmoja peke yake”, neno lililokuwa likimwambia mama wa kikundi kwamba cherehani yake inaweza kuuzwa kwa deni la watu watatu, limeondoka bila mtu kuliona.