Saa za kazi zikipunguzwa, patroni analipa asilimia ya nini?

Hapa Ubundu, tuseme treni ya Kisangani haijafika, mbao zinalala kwenye kituo, na patroni wa kiwanda anaita watumikaji: « Kuanzia juma lijalo mutatumika siku tatu, lakini nitawaongezea asilimia 70. » Watu wanapiga mikono. Lakini asilimia 70 ya nini? Hapo ndipo makuta inapotelea.

Tuchukue mutumikaji mumoja wa mufano. Anatumika saa 45 kwa juma, ndio kipimo cha juu ambacho sheria ya kazi ya Kongo inaruhusu, na analipwa franga 600.000 kwa mwezi. Saa zikishuka mupaka 27, mushahara wa saa alizotumika ni franga 360.000. Kile alichopoteza ni franga 240.000.

Kama patroni anaongeza asilimia 70 ya kile kilichopotea, anatoa franga 168.000 juu ya zile 360.000. Mutumikaji anarudi nyumbani na 528.000. Lakini kama patroni alifikiri asilimia 70 ya mushahara wote, mutumikaji anapata 420.000 tu. Neno ni lile lile, lakini katikati yao kuna franga 108.000 kila mwezi. Kwa hiyo ulizo la kwanza ni hili: asilimia ya mushahara wote, ao ya sehemu iliyopotea?

Ndugu zetu wanaoishi Ujerumani wanajua mambo haya vizuri. Kule inaitwa kazi fupi. Kampuni inapokosa kazi kwa muda, inapunguza saa badala ya kufukuza watu. Ofisi ya Kazi ya serikali inalipa asilimia 60 ya mushahara safi uliopotea, na asilimia 67 kwa mwenye mutoto. Munamo mwezi wa ine 2020, wakati wa Korona, karibu watu milioni 6 walikuwa katika hali hiyo.

Sheria ya kule hailazimishi patroni kuongeza kitu juu ya hiyo. Nyongeza yake inatoka katika mapatano na sendika. Tuseme mutu alikuwa anapata euro 2.000 safi na saa zikakatwa nusu. Kwa hesabu nyepesi, patroni analipa 1.000 ya kazi iliyofanyika, na serikali inatoa 600. Kama mapatano yanasema kupandisha mupaka asilimia 80 ya kile kilichopotea, patroni anaongeza 200. Jumla ni euro 1.800.

Huku kwetu ile sehemu ya katikati haiko. CNSS inashugulikia pensheni, hatari za kazini na posho za jamaa. Haina sanduku la kulipa mutu aliyekosa kazi, wala aliyepunguziwa saa. Kwa hiyo nyongeza yote inatoka mufukoni mwa patroni, na inakuwa na nguvu tu ikiwa imeandikwa: katika mapatano ya kampuni, ao katika karatasi ya nyongeza ya mukataba yenye sahihi ya pande mbili.

Karatasi hiyo iseme mambo ine: saa mupya ni ngapi, asilimia ni ya nini, inalipwa tarehe gani, na mupango unaisha lini. Ile ya mwisho ndiyo watu wanasahau. Karatasi isiyo na tarehe ya mwisho inageuza kazi fupi kuwa mushahara mudogo wa siku zote. Na mushahara ukishuka, michango ya CNSS inashuka pia, kwa sababu inahesabiwa kwa asilimia ya mushahara. Angalia kama nyongeza inaonekana kwenye karatasi yako ya malipo, ao unapewa mukononi tu.

Kuna mutego mwingine. Patroni anatangaza siku tatu, kisha anaita watu siku ya ine « kusaidia kidogo ». Hapo unatumika saa zako za zamani kwa malipo ya saa mupya. Uandike kwenye kaye saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku. Ukienda kwa inspekta wa kazi Kisangani, hiyo kaye itasema zaidi kuliko maneno.

Na kama watumikaji wanakataa mupango? Patroni anaweza kufikiria kuachisha watu kwa sababu kazi imepungua. Lakini sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, kifungu cha 78, inamuomba kwanza aandikie delegasio ya watumikaji siku 15 mbele, ili wamupe mawazo yao. Zile siku 15 ndizo wakati muzuri wa delege kuleta hesabu ya saa pungufu mezani: nani anapoteza ngapi, na patroni anaweza kurudisha sehemu gani.