Bango Moja, Safari Tatu: Jinsi ya Kuchagua Aina ya Faili na Rangi

Wengi wenu mnalikumbuka bango la mahafali lililobandikwa langoni, lile ambalo kijani chake kilifanana na majani yaliyokauka, nembo ya madrasa ikiwa na ukingo mweupe kama iliyokatwa kwa mkasi butu, na maandishi yakisomeka kwa taabu. Nakala 200 zilikwisha chapwa kwa michango ya wazazi, na fedha ya kuchapa upya haikuwepo. Lawama zilimwendea mpiga chapa. Baadaye sisi wa kamati ya jarida tulikaa na kulichunguza faili lenyewe, tukaona kwamba makosa yote matatu yalitoka kwetu. Makala hii inaeleza makosa hayo, ili mwakani anayetengeneza bango asiyarudie.

Bango letu lilikuwa la kuunganisha: picha ya mnara iliyopigwa kwa kamera, nembo iliyoskaniwa kutoka karatasi nyeupe, usuli wa kijani, na maandishi juu yake. Bango hilo moja lilikuwa na safari tatu, yaani kwenye simu za wazazi, kwenye tovuti, na kwenye kiwanda cha chapa. Kosa la kwanza lilikuwa kutengeneza faili moja na kulipeleka kote.

FAILI MAMA

Kazi ya kuunganisha ihifadhiwe kwanza katika faili linalotunza matabaka, yaani PSD kwa wanaotumia Photoshop, au XCF kwa wanaotumia GIMP. Ndani yake mnara, nembo, usuli na maandishi hukaa mbalimbali, na kila kimoja kinaweza kurekebishwa peke yake. Faili hili halitumwi kwa mtu. Kila safari hutolewa nakala yake kutoka hapa, wala si nakala kutoka nakala. JPEG hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ya taarifa za picha, na kila ukiifungua, ukaibadilisha na kuihifadhi tena, hutupa nyingine. Ukiona vumbi vumbi kuzunguka herufi, jua hiyo ndiyo alama yake.

Faili mama liwe kubwa kulingana na safari iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya kuchapa. Bango la A3 lina milimita 297 kwa 420. Kwa pikseli 300 katika kila inchi, tunahitaji 3508 kwa 4961. Kupunguza baadaye ni rahisi, lakini kuongeza pikseli ambazo hazikuwepo hakuleti undani wowote.

UWAZI NA UKINGO WA NEMBO

Kila pikseli ya picha ya rangi ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Faili lenye uwazi huongeza namba ya nne inayosema pikseli hiyo inaficha kiasi gani kilicho nyuma yake. Katika PNG ya kawaida namba hiyo ina ngazi 256, na kwa hiyo ukingo unaweza kufifia polepole. GIF ina ngazi mbili tu, ipo au haipo, na ndiyo maana ukingo wa nembo ya GIF huwa na meno kama ya msumeno. JPEG haina namba ya nne kabisa. Ukihifadhi nembo yenye uwazi kuwa JPEG, pale palipokuwa wazi patajazwa rangi, aghalabu nyeupe.

Sasa, ule ukingo mweupe wa nembo yetu ulitoka wapi, ilhali tulitumia PNG? Ulitoka kwenye skana. Nembo ya dhahabu ilipoingizwa ikiwa juu ya karatasi nyeupe, pikseli za ukingoni zilikuwa nusu dhahabu na nusu nyeupe. Tulipofuta karatasi, pikseli hizo zilibaki na weupe wake. Juu ya karatasi hauonekani, ila juu ya kijani kizito unang'aa kama uzi. Dawa yake katika Photoshop ni `Layer > Matting > Defringe` kwa pikseli moja au mbili, ambayo huondoa rangi ya ukingoni na kuweka rangi ya ndani ya nembo. Njia ya kukagua ni nyepesi: weka chini ya nembo tabaka jeusi, kisha jeupe, kisha jekundu, na utazame kwa ukubwa wa 200%. Nembo iliyo safi hupita kote.

RANGI: NAMBA ILE ILE, THAMANI TOFAUTI

Shilingi 100 ya Kenya na shilingi 100 ya Tanzania zina namba moja, lakini hazina thamani moja. Rangi za kompyuta ziko hivyo hivyo. Namba za pikseli hazina maana kamili mpaka ijulikane ni za "nchi" gani, na kinachotaja nchi hiyo ni profaili ya rangi inayofungwa ndani ya faili. Profaili iliyozoeleka kwa kompyuta na simu ni sRGB, iliyotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996. Kamera nyingi kubwa zina pia chaguo la Adobe RGB, ambayo huweza kubeba kijani kilichokolea zaidi. Programu isiyosoma profaili ikipewa picha ya Adobe RGB, huihesabu kama sRGB, na picha hupauka.

Picha yetu ya mnara ilikuwa ya Adobe RGB na vitu vingine vilikuwa vya sRGB. Hapa kuna amri mbili ambazo watu huzichanganya. `Assign Profile` ni sawa na kufuta neno Kenya kwenye noti na kuandika Tanzania: namba inabaki na thamani inaharibika. `Convert to Profile` ni kwenda duka la kubadilisha fedha: namba hubadilika ili thamani ibaki. Tunapounganisha picha za profaili mbalimbali tunatumia ya pili. Ya kwanza ni ya faili ambalo halina profaili, nasi tunajua kwa hakika lilitoka wapi.

SAFARI YA KWANZA: SIMU

WhatsApp, ukiipa picha kwa njia ya kawaida, huipunguza na kuigeuza JPEG. Upande mrefu huishia takriban pikseli 1600. Hata chaguo la HD, lililoongezwa mwaka 2023, bado hubana picha, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo ni bora tuipunguze wenyewe kabla ya kutuma, na tuweke sRGB na maandishi makubwa. Tukiacha kazi hiyo kwa simu, herufi nyembamba ndizo zinazoumia kwanza.

Uwazi nao haupiti njia hii. Nembo ya PNG ikitumwa kama picha hufika ikiwa na usuli mweusi au mweupe, na usuli mweusi humeza maandishi meusi yote. Ama uijaze usuli wake mwenyewe kabla ya kutuma, ama uitume kama `Document`, ambapo faili hufika lilivyo. Stika ndizo zinazoruhusu uwazi kwenye mazungumzo, nazo ni WebP ya pikseli 512 kwa 512, isiyozidi kilobaiti 100 kama haichezi.

Hapa ndipo lilipokuwa kosa letu kubwa. Mmoja wetu alimtumia mpiga chapa bango kwa WhatsApp, kama picha. Pikseli 4961 zikawa 1600. Karatasi ya milimita 420 ni kama inchi 16.5, na ukigawanya utapata pikseli 97 kwa inchi badala ya 300. Kwenye kioo cha simu bango lilionekana zuri, na hakuna aliyeshtuka mpaka lilipochapwa.

SAFARI YA PILI: TOVUTI

Kwenye tovuti bango zima, kwa kuwa lina picha ya kamera na halihitaji uwazi, linakwenda kama JPEG ya sRGB, upana wa pikseli 1200 na ubora wa 80 hivi. Nembo peke yake, itakayokaa juu ya rangi ya ukurasa, inakwenda kama PNG. WebP inaweza kazi zote mbili kwa uzito mdogo zaidi, na vivinjari vya leo huisoma. Jihadharini na jambo moja: siku hizi watu hugeuza kurasa kuwa za giza. Nembo yenye maandishi meusi na usuli wazi itapotea humo, basi muwe na nakala ya pili yenye maandishi meupe.

SAFARI YA TATU: KIWANDA CHA CHAPA

Kioo hutoa mwanga, karatasi huurudisha tu. Kiwanda hutumia wino wa siani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK, na kuna kijani cha kwenye kioo ambacho wino huo hauwezi kukifikia. Kijani chetu kilikuwa cha namna hiyo. Mashine ikachagua kilicho karibu, nacho kikawa kimefubaa. Hakuna faili litakalotibu hili, ila linaweza kuonekana mapema. Mwombeni mpiga chapa profaili ya mashine na karatasi yake, iwekeni katika `View > Proof Setup`, kisha washeni `Proof Colors`. `Gamut Warning` itapaka kijivu kila mahali ambapo rangi haifikiki. Hapo chagueni kijani kingine ninyi wenyewe, kabla mashine haijawachagulia.

Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake, 100%. Nyeusi ya kioo ikigeuzwa kwa profaili ya `U.S. Web Coated (SWOP) v2`, huwa siani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Herufi moja inapigwa mara nne, na karatasi ikisogea hata kidogo, herufi hupata kivuli cha rangi.

Faili la kupeleka ni PDF, si PNG, kwa kuwa PNG haina CMYK. Muulizeni mpiga chapa anapokea aina gani. PDF/X-1a hairuhusu uwazi, hivyo vivuli na matabaka huyeyushwa kuwa kitu kimoja kabla ya kuondoka kwenu. PDF/X-4 huacha uwazi ulivyo, na mashine yake ndiyo huyeyusha. Ongezeni milimita 3 za usuli kila upande kwa ajili ya kukatwa, na mlipeleke kwa barua pepe au flashi.

Kisha, kabla ya nakala 200, ombeni moja ya majaribio. Itazameni mchana, nje, mkiwa mbali hatua tano, na nembo muitazame kwa karibu. Nakala ile moja ndiyo ambayo sisi hatukuiomba.