Yaliyoandikwa Chini ya Nauli

Shangazi yangu alikwenda Maskati kumlea binti yake aliyejifungua. Tiketi ya kwenda na kurudi alikatiwa na wakala mmoja wa Dar es Salaam kwa dola 420, akafurahi sana, maana jirani yake alikuwa amelipa zaidi ya 500. Wiki ya tatu mtoto akapata umanjano, akalazwa, na shangazi akaombwa akae wiki mbili zaidi. Alipopiga simu kuomba tarehe mpya aliambiwa alete dola 215. Usiku ule alinipigia: "Mwanangu, hawa si wameniibia?"

Nilimwambia anitumie tiketi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye kaunta ya kukata tiketi, na swali hilo nimelisikia mara nyingi. Hakuwa ameibiwa. Kila shilingi aliyodaiwa ilikuwa imeandikwa kwenye ukurasa ambao hakuna aliyemfungulia.

Ukurasa huo ni masharti ya nauli. Kwenye tovuti ya shirika la ndege hujificha nyuma ya maneno madogo karibu na bei, mara nyingi "Fare rules" au "Fare conditions". Wakala anauona kwenye mashine yake, na ukimwomba kabla hujalipa anaweza kukutumia kwa simu. Ni mrefu, wa Kiingereza cha herufi kubwa, na sehemu nyingi hazikuhusu. Nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha 16, chenye kichwa PENALTIES. Cha shangazi, nikikifupisha, kilisomeka hivi:

```
CHANGES
 CHARGE USD 100.00 FOR REISSUE.
 CHARGE USD 200.00 FOR NO-SHOW.
 ADD ANY FARE DIFFERENCE.
CANCELLATIONS
 TICKET IS NON-REFUNDABLE.
 UNUSED TAXES REFUNDABLE.
 YQ SURCHARGE NON-REFUNDABLE.
```

Watu wengi wakifika hapo huishia mstari wa kwanza wa malipo. Wanaona dola 100, wanasema zinavumilika, wanalipa. Ila mstari ulioleta kilio ni ule wa FARE DIFFERENCE, yaani tofauti ya nauli. Viti vya daraja la kawaida vinafanana kwa macho, lakini huuzwa kwa mafungu, kila fungu na herufi yake na bei yake. Herufi hiyo kwa kawaida ndiyo inayoanza ule msimbo wa nauli ulioandikwa FARE BASIS kwenye tiketi. Wa shangazi ulianza na T, fungu la bei ya chini. Jumamosi aliyoitaka, fungu la T lilikuwa limekwisha, na la bei nafuu lililobaki lilikuwa ghali kuliko lake kwa dola 115. Jumlisha 100 za kubadilisha, unapata 215.

Ukishajua hivyo, swali la kumuuliza wakala linabadilika. Badala ya kuuliza "nikibadilisha ni shilingi ngapi?", unamuuliza siku gani fungu lako bado lina nafasi. Tulitafuta tukaona Jumanne inayofuata T ipo. Shangazi alilipa 100 tu, akakaa siku tatu zaidi na mjukuu. Kabla ya hapo nilihakikisha kitu kimoja, kifungu cha MAXIMUM STAY, kinachosema tiketi inaruhusu kukaa muda gani. Ya kwake iliruhusu miezi miwili. Ingekuwa ya mwezi mmoja, hata fungu la T lisingemsaidia.

Sasa huo mstari wa NO-SHOW. Maana yake ni kutotokea uwanjani bila kutoa taarifa, na kwa shangazi ungemgharimu dola 200 badala ya 100. Tiketi nyingine zikifika hapo hupoteza thamani yote. Ukijua huendi, piga simu kabla ndege haijaondoka, hata kama hujaamua tarehe mpya, uombe nafasi yako ifutwe. Soma pia muda unaotakiwa, kwa sababu baadhi ya nauli hutaka taarifa saa kadhaa kabla. Na huku kwetu kuna mtego wa pekee. Mtu ana tiketi inayoanzia Zanzibar kupitia Dar es Salaam, anaona heri apande boti asubuhi na kuanzia safari Dar. Kwa kompyuta ya shirika huyo hakutokea kwenye kipande cha kwanza, na vipande vyote vinavyofuata hufutwa, pamoja na cha kurudi. Nimeona familia nzima ikirudishwa kaunta kwa sababu hiyo.

Neno NON-REFUNDABLE nalo huwatisha watu kupita kiasi. Zile dola 420 zilikuwa na sehemu tatu: nauli yenyewe 190, nyongeza ya shirika inayoandikwa YQ 120, na kodi na ada za viwanja 110. Masharti yalisema nauli na YQ hazirudi. Kodi isiyotumika inarudi. Kama shangazi angeghairi safari yote mapema, angeweza kudai zile 110, ila lazima aombe mwenyewe, na aulize wakala atakata kiasi gani kwa kazi yake. Akishakwenda, kilichobaki cha kudai ni kodi za kurudi tu.

Tena masharti hayo yanamhusu msafiri aliyebadili nia. Shirika lenyewe likifuta ndege, hiyo ni hesabu nyingine: pesa ya sehemu isiyotumika inadaiwa hata kwa tiketi iliyoandikwa NON-REFUNDABLE. Usikubali vocha haraka kwa kudhani huna haki.

Mizigo usiitafute kwenye kifungu cha 16. Iko kwenye tiketi, pembeni ya kila ndege. Ukiona 30K, ni jumla ya kilo 30, uzigawe kwenye mabegi mawili ukipenda. Ukiona 1PC, ni begi moja, kwa daraja la kawaida mara nyingi lisilozidi kilo 23. Shangazi alipeleka unga wa lishe, dagaa na khanga kwa mabegi mawili ya kilo 15. Tiketi yake ilikuwa 30K, akapita bila neno. Kwa 1PC, begi la pili angelilipia, ingawa kilo zilikuwa zile zile. Ukiona 0PC au NIL, ni mkoba wa mkononi tu, na hapo ndipo bei nafuu nyingi hutoka. Ongeza bei ya begi kabla hujalinganisha tiketi mbili, na kama ni lazima ulinunue, linunue mtandaoni mapema, kwa kuwa uwanjani huwa ghali zaidi.

Angalia kila kipande. Ukikata tiketi mbili tofauti ili kuokoa pesa, moja ya 30K na nyingine ya 1PC, mzigo unaofaa safari nzima ni ule unaokubaliwa na tiketi zote mbili.

Na ukigundua haya jioni ile ile uliyolipa, mpigie wakala upesi. Tiketi iliyokatwa leo mara nyingi huweza kubatilishwa leo leo kabla ya saa sita usiku, bila faini ya shirika. Kesho asubuhi kile kifungu cha 16 kinakuwa kimeanza kufanya kazi.